Dakika Kumi Zikawa Tano: Nilichokata na Nilichobakiza

Jioni ya kuamkia siku ya kuwasilisha matokeo ya fildi, ujumbe uliingia kwenye simu yangu kutoka kwa mratibu: "Ratiba imebana. Kila mwanafunzi dakika 5 badala ya 10. Saa tatu asubuhi, ukumbi wa kata." Nilikuwa nimekaa kitandani katika chumba cha kupanga, kijiji kimoja wilayani Iramba, mkoani Singida, nikiwa na karatasi nne zilizopigwa chapa na slaidi 14. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya wiki nane. Sasa naambiwa nusu yake haina nafasi.

Mwanachuo mwenzangu, jambo hili litakukuta. Kama si kwenye fildi, basi kwenye semina ya darasa, kwenye kampeni za serikali ya wanafunzi, au mbele ya jopo la tasnifu ambalo limechelewa kuanza na sasa linataka kula. Ndiyo maana nimeona nieleze hatua kwa hatua nilivyofanya usiku ule, pamoja na makosa mawili ya mwanzo, kwa kuwa makosa hayo karibu kila mtu huyafanya.

Kwanza ujue mada yenyewe. Singida ni mkoa wa alizeti. Ukipita barabara kuu wakati wa mavuno unaona chupa za mafuta zimepangwa mezani pembeni mwa njia kama nyanya. Fildi yangu ilihusu namna kaya zinavyohifadhi mbegu za alizeti kati ya siku ya kupura na siku ya kupeleka mashineni. Nilikuwa nimetembelea kaya 12. Katika kaya mojawapo mama mwenye nyumba aliniruhusu nifuatilie magunia mawili ya shamba moja. Gunia la kwanza lilifungwa jioni ileile mbegu zilipopurwa. La pili mbegu zake zilianikwa juani juu ya turubai siku tatu kabla ya kufungwa. Kipima unyevu kilisoma asilimia 14 kwenye gunia la kwanza na asilimia 8 kwenye la pili. Wiki tano baadaye tuliyafungua pamoja. La pili lilikuwa salama. La kwanza, ukiingiza mkono katikati unakuta joto, mbegu zimeshikana mabonge, na harufu ya uvundo inakupanda puani. Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hili ulisemee huko kwenye mkutano. Wenzangu wanafunga mbichi kila siku."

Mavuno yalikuwa yamepamba moto. Watakaokaa ukumbini kesho yake walikuwa na mbegu nyumbani zinazosubiri kufungwa. Kwa hiyo hilo dakika tano halikuwa suala la maksi zangu peke yake.

Makosa mawili ya kwanza

Nilianza kwa kusema haraka. Niliweka simu mezani, nikabonyeza saa ya kupimia, nikasoma karatasi zote nne kwa kasi ya kondakta anayeita abiria. Nilitumia dakika 8 na sekunde 20. Koo limekauka na bado nimezidisha dakika tatu na ushee. Mwenzangu niliyekuwa naye chumbani nikamuuliza amesikia nini. Akasema, "Alizeti... halafu asilimia nyingi." Kusema haraka hakupunguzi mzigo. Kunamtwisha msikilizaji mzigo uleule kwa muda mfupi zaidi, naye anautua njiani.

Kosa la pili lilikuwa la kistaarabu zaidi: nikapunguza kila sehemu kwa usawa. Utangulizi nikautoa sentensi mbili, mbinu sentensi tatu, matokeo sentensi nne. Kwenye karatasi inaonekana haki imetendeka. Lakini niliposoma tena nikaona nimebaki na sehemu saba zilezile, zote zimekonda, na ile habari ya magunia mawili nimeifanya nusu sentensi: "kwa mfano, kaya moja ilipata hasara." Kitu pekee ambacho mama alinituma nikiseme ndicho nilichokisaga kuliko vyote, kwa sababu katika muundo wa ripoti kilikuwa mfano tu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hotuba ya dakika tano si ya dakika kumi iliyopungua kilo. Inajengwa upya kuanzia kwenye ujumbe.

Andika ujumbe kwa sentensi moja

Nilichukua karatasi tupu, nikajaribu kuandika ujumbe wangu. Jaribio la kwanza: "Uhifadhi wa alizeti na changamoto zake wilayani Iramba." Hicho ni kichwa cha habari. Hakisemi lolote ambalo mtu anaweza kulikubali au kulikataa. Jaribio la pili: "Uhifadhi bora wa alizeti ni muhimu kwa mkulima." Hapo nimesema, lakini hakuna mtu ukumbini atakayepinga, na wala hakuna atakayefanya kitu tofauti akirudi nyumbani.

Jaribio la tatu nikaandika: "Usifunge alizeti kwenye gunia siku ya kupura, ianike kwanza juu ya turubai mpaka ikauke." Hii ndiyo yenyewe. Ina tendo na ina wakati wa kulitenda. Mtu anaweza kunibishia kwamba hana turubai, au kwamba mbegu zikikauka zinapungua uzito wakati wa kuuza. Ujumbe unaoweza kubishiwa ndio ujumbe. Kipimo nilichotumia ni hiki: kamilisha sentensi isemayo, "Nikimaliza kuongea, msikilizaji akifika nyumbani ata..." Ukishindwa kuijaza, bado huna ujumbe, na hutajua cha kukata kwa kuwa hujui cha kulinda.

Kwa anayewasilisha tasnifu, tendo hilo linaweza kuwa la kichwani: "ataacha kuamini kwamba..." Si lazima liwe la mikono.

Pima kila sehemu kwa saa

Nilirudi kwenye zile karatasi nne. Nikasoma kwa mwendo wa kawaida, safari hii nikiandika muda wa kila sehemu. Salamu na itifaki, dakika 1. Kujitambulisha pamoja na malengo ya fildi, dakika 1 na nusu. Historia ya alizeti na tatizo la sumukuvu nchini, dakika 2. Mbinu za kukusanya taarifa, dakika 1 na sekunde 40. Matokeo, dakika 2 na sekunde 20. Mapendekezo, dakika 1 na sekunde 10. Shukrani, sekunde 20. Jumla dakika 10 kamili, maneno 1,050.

Ukiangalia hesabu hiyo unaona aibu. Mkulima aliyekaa kwenye benchi angesubiri zaidi ya dakika 6 kabla ya kusikia jambo lolote linalohusu gunia lake. Salamu, mimi ni nani, historia na mbinu vilikuwa vimekula zaidi ya nusu ya hotuba.

Hesabu ya pili: nilikuwa nasema kama maneno 105 kwa dakika. Dakika 5 basi ni maneno 525, siyo? Hapana. Kuna kutembea hadi mbele, kipaza sauti kinachokoroma, watu kucheka, mzee kuomba urudie. Hivyo vyote viko ndani ya dakika zako. Nikajiwekea lengo la dakika 4 na robo, yaani maneno yasiyozidi 440 hivi. Wewe usichukue 105 yangu. Soma ukurasa wako kwa sauti kwa dakika 2, hesabu maneno, gawanya kwa mbili. Na usome kwa sauti kweli, umesimama. Kusoma kimoyomoyo kunakudanganya, maana macho yanakwenda mbio kuliko mdomo.

Kata vipande vizima

Sasa kisu. Kwa kila kipande nilijiuliza swali moja: nikikiondoa hiki, msikilizaji ataacha kuuelewa, kuuamini au kuweza kuufanya ule ujumbe? Kama hapana, kinaondoka kizima. Swali halikuwa "je, ni kizuri?" Vilikuwa vizuri vyote, ndiyo maana niliviandika.

Malengo ya fildi yakaondoka. Hayo ni ya msimamizi wangu, naye atayasoma kwenye ripoti. Mbinu zikabaki sentensi moja. Slaidi zote 14 zikaondoka. Ukumbini hata umeme ulikuwa wa kubahatisha. Nikabeba badala yake chupa mbili za plastiki, moja ina mbegu za gunia la kwanza, nyingine za gunia la pili.

Kilichoniuma ni historia ya sumukuvu. Nilikuwa nimeifanyia kazi. Nilieleza jinsi sumu hiyo inavyotoka kwenye ukungu, jinsi inavyoweza kubaki kwenye mashudu na kumfuata mfugo, na mlipuko wa mwaka 2016 katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara, ambapo watu waliugua na wengine kufariki. Ni habari nzito na inavuta masikio. Lakini mlipuko ule ulihusishwa na mahindi. Ningeutaja, wasikilizaji wangeondoka wakizungumza mahindi na vifo, na ujumbe wangu wa turubai ungezama. Hapa nilijifunza kitu: kipande cha kuogopa zaidi si kile kinachochosha, maana hicho utakikata tu. Kiogope kile kinachosisimua kikiwa na ujumbe wake chenyewe. Hotuba fupi haibebi wapanda farasi wawili.

Kipande kingine kilichoondoka kilikuwa ni kipimo cha chumvi. Wengi mnakijua: unatia mbegu na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo, unatikisa, unasubiri kama robo saa, chumvi ikiganda ukutani, nafaka bado mbichi. Nilikuwa nimekiweka kama njia rahisi isiyo na gharama. Nilipokipima upya nikaona kitapotosha. Kipimo kile kinafaa mahindi, kwa kuwa chumvi huganda unyevu ukizidi kama asilimia 15. Alizeti inatakiwa ishuke hadi asilimia 9 hivi. Mbegu yenye asilimia 12 ingepita kipimo cha chumvi na bado ingeoza guniani. Ningehitaji dakika nzima kueleza hivyo. Nikakitoa, nikaweka badala yake kinachofanyika kwa meno: mbegu kavu ukiing'ata inavunjika kwa mlio, mbichi inabonyea.

Salamu nazo. Jamani, tunajuana. Mheshimiwa diwani, mheshimiwa mtendaji, afisa ugani, wenyeviti wa vitongoji, viongozi wa dini, wazee wetu... Kuziondoa kabisa ni utovu wa adabu, na mzee aliyeona hakuamkiwa hatakusikiliza. Nikabakiza: "Mheshimiwa diwani, wazee wangu shikamooni, ndugu zangu habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa." Sekunde 15. Shukrani ndefu nikazihamishia nje ya kipaza sauti, nikamshukuru kila mtu kwa mkono baada ya mkutano.

Kitu ambacho hukati

Kulikuwa na sentensi moja niliyoifuta kisha nikairudisha: "Haya niliyaona katika kaya 12 za kijiji kimoja, na magunia niliyoyafuatilia hadi mwisho ni mawili tu." Kwa kipimo changu cha kwanza ilikuwa haisaidii, ukweli ni kwamba inapunguza makali. Ukiitoa hotuba inang'aa zaidi. Lakini bila sentensi hiyo ningekuwa nimesema jambo kubwa kuliko nililoliona, na mkulima angeamini nimechunguza wilaya nzima. Ujumbe uliopoteza mipaka yake si uleule tena, hata kama maneno yake hayajabadilika. Ndiyo hatari ya kufupisha ambayo sisi wa vyuo tunaisahau: maneno ya kwanza kuondoka huwa ni "baadhi," "mara nyingi," "kwa nilivyoona." Chunga hayo. Yakiondoka, matokeo ya magunia mawili yanakuwa sheria ya nchi.

Jenga upya

Vilivyobaki nikavipanga upya bila kufuata mpangilio wa ripoti. Salamu, sekunde 15. Magunia mawili ya mama, nikiwa nimeshika chupa, sekunde 50. Ujumbe wenyewe, sekunde 15, nikiusema mara mbili. Sababu ya mbegu mbichi kuharibika, sekunde 50. Namna ya kuanika na namna ya kujua imekauka, dakika 1 na sekunde 20. Mipaka ya nilichokiona, sekunde 25. Ujumbe tena, sekunde 20. Jumla dakika 4 na sekunde 15.

Tazama kilichotokea: ujumbe unafika baada ya dakika moja na ushee, na sehemu ya "namna ya kufanya" imepata muda mrefu kuliko ilivyokuwa nao kwenye hotuba ya dakika kumi. Huko mwanzo kuanika kulikuwa kipengele kimoja kati ya mapendekezo matano. Kufupisha vizuri kunarefusha kitu kimoja.

Vilivyokatwa sikuvitupa. Niliviandika kwenye kikaratasi cha mfukoni kwa ajili ya maswali: chumvi, sumukuvu, na kwa nini alizeti iwe kavu kuliko mahindi. Hili la mwisho ni hesabu tamu. Mafuta hayashiki maji. Kama mbegu ina mafuta asilimia 40 na maji asilimia 14, basi maji yale yote yamejibana kwenye ile asilimia 60 isiyo mafuta, na humo yanakuwa kama asilimia 23. Ukungu unaishi humo.

Jaribu kwa masikio ya mtu

Saa tano usiku nikamsomea mwenzangu. Sikumuuliza "umeelewa?" Swali hilo mtu mstaarabu hulijibu ndiyo. Nilisubiri dakika kumi tukinywa chai, kisha nikamwambia, "Niambie nilichosema, kana kwamba unamwambia dada yako kwa simu." Akasema: "Ukishapura alizeti usifunge, anika kwanza kwenye turubai siku tatu." Nikafurahi, kisha nikashtuka. Siku tatu! Mimi nilisema siku tatu kwa magunia ya mama, kwa jua la siku zile. Yeye ameichukua kama kanuni. Siku za mawingu zisingetosha. Nikabadilisha sentensi ikawa: "Usihesabu siku, ng'ata mbegu." Maneno manne, na kosa likafa hapo.

Angekuwa amerudisha mambo mawili, ningejua bado kuna wapanda farasi wawili. Angerudisha mfano bila ujumbe, ningejua mfano umeumeza ujumbe.

Siku yenyewe

Mkutano ulianza saa nne na nusu. Nilikuwa wa sita. Mshereheshaji alininong'oneza, "Kijana, ukiweza nne." Sikutetemeka, kwa kuwa nilikuwa nimetia alama sehemu moja ya kuruka: sekunde 50 za sababu. Nilizibana zikawa sentensi mbili. Weka alama kama hiyo mapema, na sentensi ya mwisho ishike kichwani neno kwa neno, ili popote utakapokatishwa uweze kuirukia.

Tangu mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Queensland cha Australia kinaendesha mashindano ya kueleza utafiti mzima wa uzamivu kwa dakika 3 na slaidi moja, na vyuo vingi duniani vimeyaiga. Kwa hiyo tano si adhabu. Lakini sitakudanganya kwamba hakuna hasara. Baada yangu baba mmoja aliuliza, "Na mbegu kavu si inapungua uzito? Mnunuzi ananilipa kwa kilo." Swali zuri, na lilikuwemo kwenye ile hotuba ya dakika kumi, kwenye pendekezo la nne. Nilimjibu nilichoweza kwa sekunde zilizobaki: kweli inapungua, na kama anauza siku ileile ya kupura hasara ya kuanika anaiona mara moja, ujumbe wangu ni kwa anayehifadhi. Alitikisa kichwa, sijui kama alikubali. Ningeweka maneno mawili, "kama unahifadhi," ndani ya ujumbe wenyewe tangu mwanzo, asingelazimika kuuliza. Safari nyingine nitayaweka.

Wakati wa kutoka, mama wa magunia mawili alikuwa amesimama mlangoni na wenzake watatu. Mmoja alikuwa ameichukua ile chupa ya mbegu mbovu, ameifungua na anainusisha wenzake. Hakuna aliyekuwa anazungumzia fildi yangu. Walikuwa wanabishana ni nani kati yao mwenye turubai la kuazimana.